UZI: Kumwandika ndugu aliyeko Ujerumani kama mdhamini wa viza. Unajaza nini, na unamwambia nini kabla hujajaza?

Karani_Mstaafu

Wakuu, naomba hili tuliweke sehemu moja, maana maswali yake yanarudi kila msimu wa likizo. Mtu anaomba viza fupi ya Schengen kwenda kumtembelea ndugu Ujerumani. Akifika sehemu ya mdhamini anajaza jina la huyo ndugu, kwa kuwa ndiye pekee anayemfahamu huko. Ndugu mwenyewe anachojua ni kwamba mgeni anakuja, basi. Hajui ameandikwa kama nani wala ameandikiwa kulipa nini. Jibu la kukataliwa likitoka, wote wawili wanabaki kuulizana.

Kwenye fomu kuna vipengele viwili vya kuangalia kwa makini, cha 30 na cha 32. (Cha 31 ni cha kampuni au taasisi iliyokualika, tukiache.) Cha 30 kinataka jina la anayekualika, anwani yake, barua pepe na simu. Huyo ni mwenyeji. Cha 32 kinauliza nani analipa nauli na matumizi yako ukiwa huko. Hicho kina pande mbili: upande wa mwombaji mwenyewe na upande wa mdhamini. Kila upande una visanduku vyake. Upande wa mdhamini utakuta fedha taslimu, malazi, gharama zote za kipindi cha kukaa, usafiri uliokwisha kulipiwa, na sehemu ya mengineyo ambayo unaandika mwenyewe.

Kisanduku kinachowaponza wengi ni kile cha gharama zote. Wanakiwekea alama kwa kuwa kinaonekana ndicho chenye uzito, na wanadhani ofisa ataridhika zaidi. Lakini hapo umesema kwa niaba ya mtu mwingine kwamba atabeba kila kitu.

Chukueni mfano. Mwalimu wa sekondari anataka kwenda kwa kaka yake siku 21. Kaka atamlaza na kumlisha. Tiketi na bima amelipa mwenyewe, na ana akiba benki ya matumizi madogo madogo. Kipengele cha 30 anamwandika kaka. Kwenye cha 32, upande wa mwombaji, anaweka alama kwenye usafiri uliokwisha kulipiwa na kwenye fedha au kadi yake. Upande wa mdhamini anaonyesha kwamba ni yule yule wa kipengele cha 30, anaweka alama kwenye malazi, na kwenye mengineyo anaandika chakula. Barua ya mwaliko ya kaka nayo iseme maneno hayo hayo: namlaza, namlisha, nauli na bima ni vyake.

Sasa tuseme amewekea alama gharama zote, halafu barua ya kaka inataja chumba tu. Ofisa ana karatasi mbili zinazopingana mkononi. Moja ya sababu zilizochapishwa kwenye karatasi ya kukataliwa ni kwamba taarifa za dhumuni na masharti ya safari haziaminiki. Atatia alama hapo, na wala hatakupigia kuuliza ulimaanisha nini.

Kwa hiyo mazungumzo na mwenyeji yatangulie fomu. Nitarudi kwenye nini cha kumwambia. Wenye uzoefu wa hati za Ujerumani karibuni.

Mpenda_Haki

Mkuu, na kwenye mkopo wa benki je? Mimi rafiki yangu ameniandika mdhamini wa mkopo wake, nimepata ujumbe wa simu tu kwamba nimekubali. Naweza kujitoa?

Karani_Mstaafu

Hilo ni jambo jingine kabisa, ndugu yangu, lianzishie uzi wake upate watu wa mikopo. Kwa kifupi, nenda benki leo na uandike kwa maandishi kwamba hukusaini. Omba wakuonyeshe karatasi yenye saini yako, kisha ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usingoje rafiki akulainishe maneno.

Msafiri_Mkweli

Mnaifanya ngumu. Mwambie ndugu akutumie pesa kwenye akaunti yako, chapa taarifa ya benki, weka alama kwamba unajilipia mwenyewe. Mdhamini wa nini? Ndugu anabaki kuwa mwenyeji tu, hana mzigo wowote.

Bi_Tausi

Msafiri, umepatia nusu. Kweli unaweza kujilipia mwenyewe na ndugu akabaki mwenyeji wa chumba. Hiyo ni njia halali na kwa wengi ndiyo bora. Lakini hapo kwenye kutumiwa pesa ndipo watu wanapoharibu.

Ofisa anasoma taarifa ya benki ya miezi mitatu na kuendelea, na hatazami salio la mwisho peke yake. Anaangalia mshahara unaoingia, matumizi ya kawaida, na salio linavyopanda na kushuka. Akaunti iliyokuwa ikicheza chini kila mwezi, kisha wiki mbili kabla ya maombi ikaingia kiasi kikubwa kutoka nje, inamwambia kwamba pesa si zako. Na wewe umeandika ni zako. Tatizo hapo si kupewa pesa na ndugu. Tatizo ni kupewa halafu kusema hujapewa.

Kama ndugu amekusaidia, sema amekusaidia. Iandikwe kwenye barua yake kwamba amemtumia dada yake kiasi fulani tarehe fulani kwa ajili ya safari hii, na upande wa mdhamini uweke alama kwenye fedha. Hapo muamala ule mkubwa unakuwa na maelezo.

Msafiri_Mkweli

Sawa Bi Tausi, hapo nakubali. Lakini bado nasema hati ile ya Kijerumani ya kwenda kusaini ofisini si lazima kwa kila mtu.

Bi_Tausi

Si lazima kwa kila mtu, hilo ni sahihi. Nieleze ilivyo, kwa sababu humo ndimo mdhamini anapojifunga kweli kweli, na ndimo wengi wanaposaini bila kuelewa.

Kuna barua ya mwaliko ya kawaida, ambayo mwenyeji anaiandika mwenyewe na kuisaini. Hiyo inaeleza tu. Halafu kuna hati rasmi inayoitwa Verpflichtungserklärung. Hii haiandikwi nyumbani. Mwenyeji anakwenda mwenyewe kwenye ofisi ya wageni ya mji anakoishi, Ausländerbehörde, kwa miadi. Anapeleka kitambulisho au pasipoti pamoja na kibali chake cha ukaazi, slipu za mshahara ambazo kwa kawaida ni za miezi mitatu ya mwisho, na mara nyingi mkataba wa nyumba. Analipa euro 29. Ofisi inapima kipato chake, wangapi wanamtegemea, na kama kinachobaki juu ya kiwango ambacho sheria inakilinda dhidi ya wadai kinatosha kubeba mgeni. Kisha anasaini mbele yao na kupewa hati ya asili.

Hati hiyo inagusa vifungu vya 66 hadi 68 vya sheria ya ukaazi ya Ujerumani. Aliyesaini anawajibika kurudisha fedha zozote za umma zitakazotumika kwa ajili ya mgeni: chakula, malazi, matibabu akiugua, hata gharama za kumrudisha kwao akikataa kuondoka. Na muda wake ni miaka 5 tangu mgeni aingie nchini. Viza inaweza kuwa ya siku 21, lakini mgeni asiporudi, ule wajibu hauishi siku ya 22. Akiomba hifadhi na akapewa, bado haukomi kwa sababu hiyo.

Hili ndilo la kwanza kumwambia mwenyeji, kabla hata ya tarehe za safari. Kuna watu wanaambiwa "nenda kanisainie karatasi moja tu". Mtu akielezwa miaka 5 akakataa, ametumia haki yake, na ni heri akatae kwenye simu kuliko agundue akiwa amekaa mbele ya ofisa.

Kijana_wa_Pwani

Asante Bi Tausi. Mwenyeji akienda pale ofisini anahitaji nini kutoka kwangu? Kaka yangu ananiuliza "nitumie vitu vyako", sijui nimtumie vipi.

Bi_Tausi

Mtumie picha safi ya ukurasa wa pasipoti wenye taarifa zako, na chini yake uandike kwa maneno: majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti na kwa mpangilio ule ule, tarehe na mahali ulipozaliwa, uraia, namba ya pasipoti, anwani unayoishi, uhusiano wako naye, tarehe unayotarajia kuingia na siku utakazokaa. Kama unakwenda na mke au mtoto, nao wanaandikwa.

Angalia tarehe ya kuingia kwa makini. Hati inataja siku ambayo ukaaji unatarajiwa kuanza, na balozi za Ujerumani kwa kawaida haziipokei hati iliyopita miezi 6 tangu kusainiwa. Kwa hiyo pasipoti iwe tayari kwanza. Ukibadilisha pasipoti katikati, namba haitalingana, na ndugu atalazimika kurudi kuomba miadi upya. Kwenye miji mikubwa miadi inaweza kuchukua wiki kadhaa.

Halafu akishapewa hati aisome kabla ya kutoka ofisini. Kuna sehemu inayosema uwezo wake wa kifedha umethibitishwa. Neno la Kijerumani analotafuta pale ni "nachgewiesen". Ubalozi unataka hilo. Kama ofisi imeandika jambo jepesi zaidi ya hilo, hati inaweza isikusaidie kitu.

Hati ya asili inatakiwa ikufikie mkononi, kwa hiyo ahesabu siku za kuituma kwa huduma ya vifurushi yenye namba ya kufuatilia. Nakala ya picha kwenye simu haitoshi.

Karani_Mstaafu

Niongeze kwenye kujaza kipengele cha 30, maana kuna makosa madogo yanayoleta matatizo makubwa.

Anwani. Sisi tumezoea S.L.P., lakini hapa inatakiwa mtaa, namba ya nyumba, namba ya posta yenye tarakimu 5, na mji. Iwe ile aliyojisajili nayo mwenyeji kwa mamlaka ya mji wake. Kama amehama na bado hajabadilisha usajili, arekebishe kwanza, kwa sababu barua itasema nyumba moja na hati ya ofisi ya wageni itasema nyingine.

Simu. Mfumo wa kule namba inaanza na sifuri ukipiga ukiwa ndani ya nchi. Ukiweka +49 ile sifuri inaondoka. Watu wengi wanaandika +49 0 na kuendelea, na namba hiyo haipatikani ukiipiga hivyo.

Jina. Liwe la kwenye kitambulisho chake. Dada aliyeolewa kule na kubadilisha jina la ukoo, wewe unamwita jina la nyumbani na fomu unamwandika hivyo hivyo, wakati hati yake ina jina la mume. Inakuwa kama watu wawili. Andika jina la sasa, na kwenye barua aongeze sentensi moja inayotaja jina lake la kuzaliwa, ili undugu wenu uonekane ukilinganishwa na cheti cha kuzaliwa.

Na kama anayekulaza ni mmoja na anayelipa ni mwingine, kwa mfano unakaa kwa shangazi lakini mtoto wake ndiye mwenye kipato, shangazi anaingia 30 na yule mwingine anaandikwa kwenye 32 sehemu ya mdhamini tofauti. Hapo una watu wawili wa kuongea nao.

Mama_Wawili

Nina la kwangu. Mume wangu ni Mwitaliano, anafanya kazi Ujerumani. Mimi niko huku na watoto, tunataka kwenda kumwona likizo. Akasaini hiyo hati ya miaka 5? Akiuliza kazini kwake wanamwambia hahitaji.

Bi_Tausi

Mama Wawili, kazini kwake wako sahihi. Raia wa nchi moja ya Umoja wa Ulaya anayeishi nchi nyingine ya umoja huo anatumia haki ya kuhama kwa uhuru, na mke wake anaomba viza kama mwanafamilia. Kwenye fomu utaona vipengele vyenye alama ya nyota, na maelezo yanasema mwanafamilia wa namna hiyo havijazi. Cha 30, 31 na 32 vyote vina nyota. Wewe unajaza sehemu ya taarifa za mwanafamilia raia wa Ulaya, na unathibitisha ndoa na uraia wake.

Angekuwa Mjerumani anayeishi Ujerumani maelezo yangebadilika, kwa hiyo wengine msichukue jibu hili jumla jumla.

Mzee_wa_Bara

Swali langu ni la mama yangu, ana miaka 71, ana presha na sukari. Mdogo wangu yuko tayari kusaini. Bima ya safari tunakata ile ya euro 30,000. Si imekwisha hapo? Mdogo wangu ana hofu gani tena?

Bi_Tausi

Mzee, haijakwisha, na mdogo wako ana haki ya kujua kwa nini.

Euro 30,000 ndicho kiwango cha chini ambacho bima ya viza ya Schengen inatakiwa kufikia, kwa matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani. Lakini bima nyingi za safari zinaondoa au zinabana ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari. Mama akipata kiharusi na kampuni ikasema kinatokana na presha ya zamani, inaweza kukataa kulipa. Hospitali itamtibu. Ofisi ya umma ikibeba bili hiyo, inamgeukia aliyesaini.

Kwa hiyo chukueni masharti ya bima kabla ya kulipa, mtafute sehemu inayohusu magonjwa ya awali, na muulize kampuni kwa maandishi: mtu mwenye presha na sukari anayetumia dawa kila siku, akilazwa kwa dharura inayotokana na hayo, mnalipa au hamlipi, na mpaka kiasi gani? Jibu hilo mtumieni mdogo wako kabla ya miadi yake. Kama inalipa ila kwa kiasi kidogo, akijue. Pia mweleze dawa anazotumia mama na hali yake ya sasa. Mdhamini anayefichiwa ugonjwa amefichiwa sehemu kubwa kabisa ya anachodhamini.

Na mama abebe dawa za siku zote za safari na ziada kidogo, pamoja na barua ya daktari wake.

Mzee_wa_Bara

Nimeelewa. Hili la kuuliza kwa maandishi sikuwahi kulifikiria. Nalifanya kesho.

Siri_ya_Ndani

Mimi nina wasiwasi upande wa mdhamini. Mtu akinipa slipu zake za mshahara na nakala ya kitambulisho, nazipeleka kwa wakala wa kujaza fomu mtaani, zinabaki kwenye kompyuta ya wakala. Na ubalozi unazihifadhi muda gani?

Karani_Mstaafu

Wasiwasi wako una msingi, na hili nalo ni la kumwambia kabla.

Jina na anwani ya anayekualika au anayelipa vinaingia kwenye mfumo wa viza wa nchi za Schengen pamoja na maombi yako, na vinaweza kukaa humo hadi miaka 5. Fomu yenyewe inaeleza hivyo kwenye ukurasa wa kusaini. Hata ukinyimwa viza, vinabaki. Ukiomba tena mwaka ujao na kumtaja mtu mwingine, ofisa anaweza kuona uliyemtaja mwanzo. Hilo lenyewe si kosa, ila uwe na maelezo ya kwa nini mwenyeji amebadilika.

Slipu za mshahara ni jambo lingine. Kama mwenyeji amesaini hati rasmi na uwezo wake umethibitishwa humo, ofisi ya wageni imeshaziona slipu hizo, na kazi ya hati ni hiyo hiyo. Hana sababu ya kukutumia wewe mshahara wake. Kwa mtu asiyependa ndugu zake wajue anapata kiasi gani, hii ni faida kubwa na mtajie.

Nakala ya kitambulisho ikihitajika, aandike juu ya nakala, kwa kuvuka maandishi, kwamba ni kwa maombi ya viza ya fulani, pamoja na tarehe. Asifunike taarifa zinazosomwa. Na fomu ijaze mwenyewe. Wakala akikujazia, yeye ndiye anayechagua visanduku vya kipengele cha 32, na saini inabaki yako.

Kijana_wa_Pwani

Ubalozi kweli huwa unampigia mwenyeji?

Karani_Mstaafu

Unaweza. Si kila maombi, lakini unaweza, na ndiyo maana simu na barua pepe vinaulizwa. Anayepigiwa na kusema "tarehe sina uhakika, nadhani ni mwezi ujao, kazi yake sijui" anaharibu bila kudanganya neno lolote.

Msimkaririshe. Mpeni ukweli ulio kwenye fomu. Mimi nashauri ujumbe mmoja tu, wa maandishi, ambao anaweza kuufungua wakati wowote. Kwa yule mwalimu wetu ungekuwa hivi:

"Kaka, shikamoo. Naomba ruhusa yako kwanza kabla sijaandika jina lako kwenye fomu ya viza. Nitakuandika kama mwenyeji na kama mdhamini wa malazi na chakula tu. Tiketi, bima na matumizi yangu nalipa mwenyewe kutoka kwenye mshahara wangu. Nakaa siku 21, tarehe za kuingia na kutoka nitakutumia zikiwa kamili. Narudi kwa sababu shule inafunguliwa na barua ya ruhusa ya mwajiri ninayo. Jina na anwani yako vitahifadhiwa kwenye mfumo wao hadi miaka 5. Wanaweza kukupigia kuuliza haya haya. Wakitaka hati rasmi ya udhamini nitakuambia, na hiyo ina wajibu wa miaka 5 juu yako, kwa hiyo usikubali mpaka tumeizungumza. Afya yangu ni nzima, sina dawa ninayotumia. Nikubalie au unikatalie kwa uhuru."

Akijibu, umepata ruhusa na kumbukumbu. Fomu ikishajazwa, piga picha kipengele cha 30 na 32 na umtumie.

Bi_Tausi

Nimeupenda ujumbe huo. Ningeongeza kitu kimoja: akihama nyumba, akibadilisha simu au akipoteza kazi kabla viza haijatoka, akuambie siku hiyo hiyo. Na akibadili mawazo baada ya kusaini hati, awahi kuijulisha ofisi ya wageni na ubalozi kabla viza haijatolewa. Mgeni akishaingia nchini kwa hati hiyo, kujitoa kwa kusema tu "nimeghairi" hakumsaidii.

Msafiri_Mkweli

Narudi kwenye hoja yangu. Mwalimu huyo ana mshahara, ana akiba. Mimi nasema asiguse hati ya miaka 5 kabisa. Barua ya mwaliko inatosha. Kwa nini umbebeshe kaka?

Bi_Tausi

Kwa mwalimu mwenye akaunti inayoonyesha mshahara na akiba ya kutosha siku 21, hata mimi ningeanza hivyo. Lakini nimeona maombi ya watu wenye akiba ya kati yakikataliwa kwa kukosa uthibitisho wa fedha za kutosha, na hati ingeliziba pengo hilo. Mshahara wa huku ukibadilishwa kuwa euro unaweza kuonekana mdogo hata kama kwako unatosha.

Msafiri_Mkweli

Na mimi nimeona watu wenye hati nzuri kabisa wakikataliwa kwa sababu ofisa hakuamini kwamba watarudi.

Bi_Tausi

Hilo ni kweli pia, na watu walielewe. Hati inathibitisha fedha peke yake. Haithibitishi kwamba utarudi, na haichukui nafasi ya bima. Barua ya mwajiri, familia unayoiacha, biashara, shamba lenye hati, hayo ni yako mwenyewe kuyaleta. Mwenyeji hawezi kukudhamini kurudi, hata akiwa tajiri namna gani.

Kuhusu lini akiba inatosha bila hati, hapo tutaendelea kutofautiana, maana kila faili inapimwa kivyake. Mimi huangalia kama akiba ya mwombaji peke yake ingelipa siku zote za safari. Ikilipa, barua. Isipolipa, hati.

Msafiri_Mkweli

Mimi ningeanza na barua hata ikiwa inabana kidogo, nipunguze siku. Siku 10 badala ya 21.

Karani_Mstaafu

Kupunguza siku ni wazo zuri ambalo watu hulisahau. Kwa mwenyeji nako ni mzigo mdogo zaidi.

Jirani_wa_Ufaransa

Kwa wanaokwenda Ufaransa, msichukue haya ya Ujerumani. Kule mwenyeji anaomba hati ya mapokezi, attestation d'accueil, kwenye ofisi ya meya wa anakoishi. Ada ni euro 30. Wanaangalia nyumba yake kama ina nafasi na kama kipato chake kinaendana na ahadi hiyo. Anaahidi kukulaza, na kubeba gharama zako za kukaa ukishindwa mwenyewe. Ukiwa na hati hiyo, kiwango cha pesa unachotakiwa kuonyesha kwa siku kinashuka hadi euro 32.50. Ukiwa huna hoteli wala hati, ni euro 120. Ni hati ya asili pia, kwa hiyo muda wa posta uhesabuni.

Kijana_wa_Pwani

Swali la mwisho wakuu. Kaka ameshapata miadi ofisi ya wageni mwezi ujao, tarehe 20. Mimi nataka kusafiri wiki tatu baada ya hapo. Maombi nipeleke sasa bila hati, halafu niiongeze baadaye?

Karani_Mstaafu

Hapana. Uamuzi wa kawaida ni ndani ya siku 15 tangu maombi yapokelewe yakiwa kamili, na unaweza kusogezwa hadi siku 45 wakihitaji uchunguzi zaidi. Ukipeleka sasa bila hati, wanaweza kuamua kwa kilichopo mezani kabla kaka hajafika hata kwenye miadi. Ukingoja tarehe 20, uongeze siku za posta na miadi yako ya kupeleka maombi, wiki tatu hazikutoshi. Maombi yanatakiwa yafike angalau siku 15 kabla ya safari, na yanaweza kupelekwa mapema hadi miezi 6 kabla.

Sogeza safari mbele angalau miezi miwili baada ya tarehe 20. Na umwambie kaka leo, kabla ya miadi, kwa sababu ile tarehe ya kuingia ndiyo atakayoitaja mbele ya ofisa.

Kijana_wa_Pwani

Nimempigia. Amesema anabadilisha tarehe kwenye karatasi aliyokuwa ameandaa. Ameuliza pia kama mkewe naye asaini.

Bi_Tausi

Aulize ofisi yake kwa barua pepe kabla ya siku hiyo, kwa sababu ofisi hazifanani. Nyingine zinakubali kipato cha wote wawili kikihesabiwa pamoja, na hapo wote wawili wanatakiwa wawepo na wote wawili wanafungwa. Kama mshahara wa kaka peke yake unatosha, mke abaki nje. Na kama haumtoshi, naye apelekewe ule ujumbe wa Karani, wenye jina lake yeye.